Eksirei ni safi, ugoko bado unauma: ni maumivu ya mazoezi au mfupa umepata ufa?

Shikamoo daktari. Mimi ni dada wa miaka 27, nakaa Mbagala, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kompyuta kutwa. Mwezi wa 11 nilijiunga na klabu ya jogingi ya mtaani kwetu ili nipungue, na pia nikakimbie kilomita 21 za Kilimanjaro Marathoni kule Moshi mwisho wa Februari. Ada nimeshalipa. Kabla ya hapo sikuwa na mazoezi yoyote.

Wiki mbili za mwanzo tulikuwa tunakwenda kilomita 3. Halafu kila Jumamosi tukaanza kwenda 10 kwenye lami, na mara moja tukafika 14. Miguu yote ikaanza kuuma kwa mbele, upande wa ndani, kuanzia katikati ya ugoko kushuka chini. Ikawa inauma mwanzo wa mbio, nikipata moto inatulia. Kocha akasema ni kawaida, mwili unazoea. Wiki ya tano mguu wa kulia ukabadilika. Sasa unauma sehemu moja, hautulii hata nikipata moto, na siku hizi nausikia nikishuka kwenye daladala na hata nikiwa nimelala. Wa kushoto umepoa.

Nilienda hospitali nikapigwa eksirei, wakasema mfupa uko salama, nikapewa diklofenaki. Nikiinywa naweza kukimbia. Usiku mama ananichua na mafuta ya nazi ya moto mpaka nalia. Nakula mlo mmoja kwa siku na nimepungua kilo 7. Hedhi sijaona mwezi wa pili huu, nadhani ni mazoezi. Je, niendelee taratibu na dawa? Zimebaki wiki 7.

Mkimbiaji wa Mbagala

*

Marahaba, binti. Acha kukimbia leo. Sisemi upunguze, nasema uache kabisa mpaka tujue mguu wa kulia una nini. Kwa jinsi ulivyoeleza, miguu yako ilianza na tatizo moja, kisha wa kulia ukavuka kwenda kwenye jingine lililo zito zaidi, na hiyo eksirei haijakanusha jambo hilo hata kidogo.

Kocha wako hakudanganya moja kwa moja. Maumivu ya mwanzo, yale yaliyotapakaa upande wa ndani wa ugoko na kutulia mwili ukipata moto, huwapata wengi wanaoanza kukimbia. Wakimbiaji huyaita shini splinti. Hapo kinacholalamika ni ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko pamoja na utando unaoufunika. Kila unapotua, mfupa ule hupinda kidogo sana, na misuli ya kigimbi nayo huuvuta. Ukirudia hivyo mara elfu kadhaa kwa asubuhi moja, ukingo ule unaumia. Mtu akipunguza mwendo mapema, kwa kawaida hupona bila kulazwa wala kufungwa plasta. Kosa ni kumpa jibu hilohilo mtu ambaye maumivu yake yameshabadilika tabia.

Ili uelewe kwa nini yalibadilika wiki ya tano na si wiki ya kwanza, inabidi ujue mfupa unavyojijenga. Mfupa ni kitu hai. Ukianza kuupa kazi mpya, mwili huamua kuukarabati ili uwe imara zaidi, lakini ukarabati huo huanza kwa kubomoa. Kuna seli zinazokula mfupa wa zamani na nyingine zinazokuja nyuma yake kujaza mfupa mpya. Wabomoaji hutangulia kwa wiki kadhaa, na mzunguko mzima, kutoka kubomoa mpaka mfupa mpya ukakomaa, huchukua miezi 3 hadi 4. Kwa hiyo katikati hapo, kati ya wiki ya tatu na ya nane hivi, mfupa wa mtu anayeanza mazoezi unaweza kuwa dhaifu kuliko siku aliyoanza. Bahati mbaya, huo ndio wakati pumzi inakuwa imefunguka, mapaja yamekaza, na mtu anajiona simba. Ndipo anapotoka kilomita 3 kwenda 10. Nyufa ndogondogo ambazo kwa kawaida zingezibwa usiku zinaongezeka kuliko fundi anavyoweza kuziba, na mwisho zinaungana kuwa ufa mmoja.

Jeshini jambo hili linajulikana siku nyingi. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prusia, Breithaupt, aliandika kuhusu askari waliovimba na kuumwa nyayo baada ya kutembezwa safari ndefu, wala hakuna aliyekuwa ameanguka au kupigwa. Eksirei ilipogunduliwa mwaka 1895, haikuchukua muda, mwaka 1897 ikaonekana kwamba mifupa ya nyayo za askari wa namna hiyo ilikuwa imevunjika. Mpaka leo kuruta wa majeshi mengi huumia hivyo katika wiki za mwanzo za mafunzo, na mfupa wa ugoko ni mmojawapo wa ile inayoongoza. Mchakamchaka wenu wa Jumamosi, wa kuimba na kupiga miguu chini kwa pamoja kwenye lami, ni jambo zuri kwa moyo, lakini unamlazimisha dada mfupi afuate hatua za kaka mrefu aliye mbele. Hatua ikirefushwa kupita kimo chako, mguu unatua mbele ya mwili na ugoko ndio unaobeba kishindo.

Sasa kaa kitandani, mguu wa kulia uulaze juu ya goti la kushoto ili upande wa ndani utazame juu. Tafuta ile nundu ya ndani ya kifundo cha mguu. Weka kidole gumba juu yake kidogo, kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, pale mfupa unapokutana na nyama ya kigimbi. Bonyeza kwa nguvu ya wastani, achia, panda kidogo, bonyeza tena, hivyohivyo mpaka karibu na goti. Usiharakishe. Kila panapouma weka alama kwa kalamu ya wino. Kisha fanya mguu wa kushoto.

Alama zikiwa zimepangana kwenye eneo refu, sentimita 5 au zaidi, yaani upana wa vidole vitatu vilivyobanana na kuendelea, hiyo inaelekea kwenye shini splinti. Zikikusanyika mahali padogo unapoweza kupafunika kwa sarafu ya shilingi 200, na pale ukibonyeza unaruka, hapo tunashuku ufa wa mfupa. Natazamia kwamba mguu wako wa kushoto utakuwa na mstari mrefu wa maumivu hafifu na wa kulia utakuwa na doa moja kali. Ukikuta pia kijivimbe kigumu juu ya mfupa mahali hapohapo, ujue pengine mwili umeshaanza kupaziba. Usijaribu kurukaruka kwa mguu mmoja kujipima, ingawa utasikia wenzako wakikushauri hivyo. Kipimo hicho tunakifanya kwa mtu ambaye hatumshuku sana. Kwa anayeumwa akishuka kwenye daladala kinaweza kumalizia kilichobaki.

Kidole peke yake hakitoshi, ila ukikiunganisha na historia yako picha inaonekana. Shini splinti huuma mwanzo wa mbio, hutulia, kisha huuma tena baada ya mbio au asubuhi ukishuka kitandani. Ikizidi, nayo huweza kuuma mbio nzima, ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Ufa huenda kinyume. Kadiri unavyokimbia ndivyo unavyozidi, baadaye unauma kwenye kutembea, na mwisho unauma ukiwa umelala. Wewe umepita hatua zote hizo kwa mpangilio wake. Na jambo jingine: shini splinti mara nyingi hushika miguu yote miwili, kama ilivyokuwa kwako mwanzoni. Mguu mmoja ukijitenga na kuuma zaidi huku mwenzake unapona, usiuchukulie kirahisi.

Turudi kwenye ile eksirei, maana ndiyo iliyokupa moyo wa kuendelea. Eksirei huona mfupa uliohama, uliotengana, au uliokwisha kuanza kuota mfupa mpya juu yake. Ufa wa namna hii ni mwembamba kuliko unywele na mwanzoni hauna kitu cha kuonyesha. Picha nyingi zinazopigwa katika wiki 2 au 3 za kwanza za maumivu hutoka safi kabisa hata kwa mtu mwenye ufa. Aliyekusomea hakukosea alichokiona. Kilichokosekana ni kukuambia kwamba picha safi ya mapema haimalizi neno. Ikirudiwa baada ya wiki 2 hadi 3, ukungu mweupe pembeni mwa mfupa unaweza kujitokeza, na kuna wengine ambao hata hapo hautaonekana.

Kipimo kinachoona mapema ni MRI, kwa sababu kinaonyesha uvimbe wa maji ndani ya mfupa kabla ufa haujakamilika. Dar es Salaam kinapatikana, lakini bei yake si ya mchezo na si kila bima inakubali bila kupigana nayo. Ushauri wangu ni kwamba kama huna fedha hiyo usikope. Kwa ugoko unaouma kwenye ukingo wa ndani, tunaweza kuutibu kana kwamba ufa upo, tukarudia eksirei baadaye, na hutakuwa umepoteza kitu zaidi ya wiki chache za mbio. MRI ninaisisitiza katika hali moja, nayo ni doa la maumivu likiwa mbele kabisa, juu ya ule mgongo wa ugoko unaougonga kwenye kona ya kitanda, hasa katikati ya mguu. Upande ule mfupa unavutwa kila unapokanyaga, damu yake ni haba, na ufa wake ni mkaidi. Huchukua miezi mingi, wengine huishia kuwekewa chuma ndani ya mfupa, na akiendelea kukimbia mtu anaweza kuvunjika kweli, mguu ukakatika vipande viwili. Kwa hiyo ulipokuwa unapiga alama za kalamu, angalia vizuri kama ziko ukingo wa ndani au zimepanda mbele. Zikiwa mbele, usikanyagie mguu huo, tafuta magongo na umwone daktari wa mifupa wiki hii.

Kabla hujarudi kupiga picha yoyote, pima mimba. Najua umesema ni mazoezi, na huenda ni kweli, lakini hedhi iliyokosekana miezi miwili huanzia kwenye kipimo cha mkojo cha duka la dawa, na mpiga picha wa eksirei lazima aambiwe.

Kama mimba haipo, basi hiyo hedhi inatueleza kwa nini mfupa wako ulishindwa wakati wa wenzako umestahimili. Mwili unaokimbia kilomita 10 huku ukipewa mlo mmoja huanza kubana matumizi. Hufunga kwanza shughuli zisizo za lazima kwa kuishi leo, na uzazi ni mojawapo. Homoni inayoleta hedhi ikishuka, ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inawazuia wale wabomoaji wa mfupa wasizidi. Ukiisha kula kidogo na homoni ikashuka, fundi wa kujenga hana saruji wala msimamizi. Kilo 7 kwa muda huo ni nyingi mno. Rudi kwenye milo mitatu kuanzia kesho. Ugali au wali, maharage, mayai, mboga, na dagaa unaotafunwa mzimamzima na mifupa yake, maana chokaa iko humo. Maziwa au mtindi kila siku ukiweza. Ukiogopa kunenepa wakati hukimbii, ogopa kidogo tu, mfupa unaoungana nao unakula. Hedhi ikikosekana hata kwa mwezi wa tatu mfululizo, mwone daktari kwa ajili hiyo hasa. Na kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, mwambie, kwa sababu nayo husimamisha hedhi na ikitumika muda mrefu hupunguza uzito wa mfupa.

Diklofenaki iweke kabatini. Haitibu ufa, inauziba mdomo. Maumivu ndiyo kipimo pekee ulicho nacho nyumbani, na ukimeza kidonge ili ukimbie unakanyaga mfupa unaoomba msamaha bila wewe kusikia. Isitoshe, kwa mtu anayekula mara moja kwa siku dawa hiyo ni adui wa tumbo, na familia hiyo ya dawa haifai mtu asiyejua kama ana mimba. Ukihitaji kulala, meza parasetamoli, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 itakusaidia.

Mama mshukuru na umwombe apumzike. Kuchua kunafaa kwenye misuli iliyokaza, kwa hiyo akipenda akuchue kigimbi kwa nyuma, taratibu. Kusaga kidole juu ya doa lile la mfupa hakuunganishi kitu, kunaongeza uvimbe wa utando, na ukilia ujue mwili umeshatoa jibu.

Sasa utaratibu wenyewe. Wiki ya kwanza na ya pili, tembea kwa mahitaji tu. Kama unachechemea, tumia magongo mpaka kuchechemea kuishe, wala usione haya kuingia nayo ofisini. Mguu usifungwe plasta bila sababu. Baada ya hapo, kama kutembea hakuumi, unaweza kuogelea au kuendesha baiskeli ya kukaa mahali pamoja ili pumzi isipotee, mradi mguu usilalamike wakati huo wala usiku wake. Eksirei ya pili ipigwe karibu na wiki ya tatu. Ufa wa ukingo wa ndani kwa kawaida hutaka wiki 6 hadi 8 bila kukimbia, na wengine hufika 12. Hesabu ianze siku uliyoacha kukimbia, usiihesabu kutoka siku maumivu yalipoanza, kosa ambalo karibu kila mkimbiaji hulifanya akitafuta njia ya mkato.

Ndiyo maana nasema kilomita 21 za Moshi mwaka huu zisahau. Mbio zile zina kilima cha kutosha kwa mguu mzima. Zina pia kilomita 5 za kujifurahisha, na kama ikifika wiki hiyo unatembea dakika 45 mfululizo bila maumivu na doa halijibu ukilibonyeza, nenda ukazitembee. Kutembea, nimesema. Najua klabu yenu ikianza kuimba itakuwa mtihani.

Endapo alama zako za kalamu zitanishangaza, yaani mguu wa kulia nao ukawa na mstari mrefu bila doa, usishangilie mapema. Maumivu ya kulala yanatosha kunifanya nikushikilie wiki 2 bila kukimbia kwa vyovyote. Yakiisha yote ndani ya hizo, tunaweza kuamini ilikuwa shini splinti iliyozidi na kurudi kwako kutakuwa kwa haraka zaidi.

Kuna dalili nyingine nitazitaja kwa sababu si wewe peke yako unayesoma hapa. Mtu ambaye ugoko wake unajaa na kukaza kwa mbele kila akikimbia dakika zilezile, unyayo ukafa ganzi au vidole vikashindwa kunyanyuka, kisha akisimama vyote vikaisha, ana shida ya misuli kubanwa ndani ya ala yake, na hiyo ina matibabu tofauti kabisa. Mguu ukivimba na kukaza ghafla kwa maumivu yasiyovumilika baada ya kuumia, ni dharura ya saa hizohizo. Kigimbi kimoja kikivimba na kuwa cha moto, tunafikiria damu iliyoganda. Mwenye selimundu akiumwa mfupa na kupata homa asipewe maneno ya mazoezi, apelekwe hospitali siku hiyo. Na kijana anayeumwa usiku karibu na goti huku pakivimba, hata kama anacheza mpira kila siku, apigwe picha.

Wewe ukifika mahali unatembea dakika 30 kwa haraka, siku 5 mfululizo, bila maumivu wakati huo wala asubuhi yake, na kidole hakipati doa, ndipo unaanza. Dakika 1 ya kukimbia polepole, dakika 2 za kutembea, mara 7 au 8, kisha nyumbani. Kesho yake pumzika. Fanya hivyo kwa wiki nzima, siku moja ndiyo, moja hapana. Wiki inayofuata kimbia dakika 2 na kutembea 2. Kila wiki ongeza kitu kimoja tu, ama dakika za kukimbia au idadi ya siku, usiongeze vyote. Hatua ziwe fupi na za harakaharaka, unyayo utue chini ya nyonga. Siku za mapumziko simama kwenye ukingo wa ngazi, nyanyua visigino na kuvishusha taratibu, mara 15 kwa awamu 3, kwa sababu kigimbi chenye nguvu kinaupokea ugoko mzigo.

Njia ya vumbi iliyoshindiliwa au uwanja wa mpira ni bora kuliko lami. Ufukweni usikimbilie kwanza, mchanga laini unachosha kigimbi na ule mgumu una mteremko, kwa hiyo mguu mmoja unakimbia chini kuliko mwenzake asubuhi nzima. Raba za mtumba hazina ubaya ilimradi uzigeuze utazame soli. Ikiwa imelika upande mmoja, au ukiibana katikati inakunjika kirahisi kama chapati, muachie mwingine.

Doa likirudi wakati wowote, hata siku ya dakika 1, simama palepale, tembea kurudi nyumbani, pumzika siku 3 bila kukimbia, halafu anza upya kutoka wiki ya nyuma. Likirudi mara ya pili, usijaribu ya tatu bila kunipigia alama za kalamu tena na kurudi hospitali na eksirei zako zote mbili mkononi, ya zamani na mpya, ili zisomwe pamoja.